Waya zilizosogea ndani ya shaba: metali mbili zinapoingiliana kwa kasi tofauti

Chukua vipande viwili vya metali tofauti, visugue hadi nyuso zing'ae, vibane pamoja kisha viache kwenye tanuri kwa siku kadhaa katika joto ambalo haliyeyushi hata kimoja. Ukivitoa utakuta vimeshikana. Atomi za upande huu zimeingia upande wa pili, na za kule zimekuja huku, zote zikipita ndani ya metali ngumu. Hilo lilikwisha kupimwa tangu mwaka 1896, William Roberts-Austen alipoonyesha dhahabu ikisambaa ndani ya risasi iliyokuwa bado ngumu.

Swali lililobaki wazi kwa nusu karne ni hili: je, pande mbili hupeana atomi sawa kwa sawa? Hadi miaka ya 1940 wataalamu wengi wa metali waliamini hivyo. Walidhani atomi mbili jirani zinabadilishana mahali, au atomi kadhaa zinazunguka kwa pamoja kama duara, kila moja ikichukua nafasi ya mwenzake. Kama ingekuwa hivyo, kila atomi inayotoka ingefidiwa papo hapo na inayoingia, na mpaka wa mwanzo ungebaki palepale ulipokuwa.

Mwaka 1947 Alice Smigelskas na Ernest Kirkendall, wa Chuo Kikuu cha Wayne mjini Detroit, Marekani, walichapisha jaribio lililoivunja imani hiyo. Nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu uzuri wake uko kwenye vifaa vyenyewe.

Walianza na kipande cha brasi, yaani shaba ya njano, chenye takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Juu ya nyuso zake mbili zinazotazamana walilaza waya nyembamba za molibdeni, unene wake kama milimita 0.13. Kisha wakakipaka kipande chote tabaka nene la shaba tupu kwa njia ya umeme, hata waya zikawa zimefungiwa mpakani kabisa, brasi ikiwa upande wa ndani na shaba upande wa nje. Molibdeni haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,600 za Selsiasi na kwa hakika haichanganyiki na shaba, hivyo waya haziwezi kusafiri zenyewe. Zikionekana zimehama, maana yake metali iliyozishika ndiyo iliyohama.

Tabaka la shaba lilikuwa na faida nyingine. Brasi ikipashwa joto kali ikiwa wazi, zinki yake hutoka juu ya uso ikiwa mvuke, na hilo peke yake lingeharibu vipimo.

Kipande kiliwekwa katika nyuzi 785 za Selsiasi. Baada ya vipindi mbalimbali, kirefu kuliko vyote kikiwa siku 56, sehemu ilikatwa, ikang'arishwa, na umbali kati ya waya za upande mmoja na za upande wa pili ukapimwa kwa hadubini. Umbali ulikuwa unapungua. Waya za pande zote mbili zilikuwa zinaingia ndani kuelekea brasi, na kufikia siku ya 56 kila upande ulikuwa umesogea takriban milimita 0.12. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa hadubini hakuna ubishi.

Mtu angeweza kusema brasi ilijikunja tu, kwa kuwa kupoteza zinki hubadilisha nafasi kati ya atomi. Badiliko hilo lipo, lakini linaeleza sehemu ndogo tu ya mwendo uliopimwa. Mwendo wenyewe nao ulifuata kanuni ya kusambaa: umbali unakua kwa kipeuo cha pili cha muda. Ukitaka waya zisogee mara mbili zaidi, lazima usubiri muda mara nne. Kitu kinachoteleza au kubonyea kwa uzito hakina sababu ya kufuata kanuni hiyo.

Kazi hiyo haikupokelewa kwa mikono miwili. Robert Mehl, aliyekuwa mtaalamu mkubwa wa kusambaa kwa metali nchini Marekani, aliipinga, na uchapishaji wake ulichelewa kwa miezi. Baadaye Mehl na mwanafunzi wake da Silva walirudia majaribio ya namna hii wakitumia jozi nyingine za metali, na mwaka 1951 wakachapisha matokeo yaliyothibitisha kwamba Kirkendall alikuwa sahihi. Naliheshimu sana hilo. Aliyekuwa na shaka alikwenda tanurini kupima.

Sasa, kwa nini waya zilisogea? Katika metali yoyote atomi zimejipanga kwa safu, na ndani ya safu hizo kuna nafasi chache zisizo na atomi. Atomi husafiri kwa kurukia nafasi tupu iliyo jirani yake. Fikiria daladala iliyojaa na kiti kimoja tu hakina mtu: abiria wa nyuma akisogea mbele kukikalia, kiti kitupu kimehamia nyuma. Kila mwendo wa atomi kwenda upande mmoja ni mwendo wa nafasi tupu kwenda upande wa pili.

Zinki hurukia nafasi hizo kwa wepesi kuliko shaba. Kwa hiyo atomi za zinki zinazotoka kwenye brasi ni nyingi kuliko atomi za shaba zinazoingia, na tofauti hiyo hulipwa na nafasi tupu zinazomiminika kuelekea brasi. Huko zinafika kwenye kasoro za mpangilio wa fuwele, yaani pale safu ya atomi inapokatikia katikati, na kumezwa hapo. Safu huliwa kidogo kidogo upande wa brasi, huku safu mpya zikijengwa upande wa shaba. Waya zilizokaa katikati hubebwa na safu zinazozizunguka.

Mwaka 1948 Lawrence Darken aliyaweka haya kwenye milinganyo miwili ambayo bado tunaitumia maabara:

```
D = N_Cu × D_Zn + N_Zn × D_Cu
v = (D_Zn − D_Cu) × mteremko wa N_Zn
```

Hapa N ni sehemu ya kila metali mahali waya zilipo, D_Zn na D_Cu ni kasi ya kusambaa ya kila metali peke yake, D ni kasi ya jumla ya kuchanganyika, na v ni kasi ya waya. Mteremko ni kiasi ambacho zinki inapungua kwa kila sentimita unapotoka kwenye brasi kwenda kwenye shaba.

Raha ya milinganyo hii ni kwamba mambo mawili yanayopimika, mchanganyiko ulivyoenea na waya zilivyosogea, yanatosha kutenganisha kasi mbili ambazo vinginevyo zingeonekana kama moja. Kwa jaribio la Kirkendall, Darken alipata kwamba mahali waya zilipo, ambapo zinki ilikuwa karibu asilimia 22.5 ya atomi, kasi ya zinki ni takriban sentimita za mraba 5.1 × 10⁻⁹ kwa sekunde na ya shaba 2.2 × 10⁻⁹. Ziweke kwenye mlinganyo wa kwanza: 0.775 × 5.1 ni 3.95, na 0.225 × 2.2 ni 0.5, jumla karibu 4.5 × 10⁻⁹. Utaona kwamba kasi ya kuchanganyika iko karibu sana na ile ya zinki, kwa sababu shaba ndiyo nyingi pale. Na ukigawanya 5.1 kwa 2.2, unapata kwamba kwa kila atomi 10 za shaba zinazopita kwenye safu moja, atomi 23 hivi za zinki zinapita kinyume. Pengo la atomi 13 ndilo linalozivuta waya.

Hesabu hii inategemea sharti moja: nafasi tupu zote zinazofika upande wa brasi zimezwe. Mara nyingi haziwahi kumezwa zote. Zinaporundikana kuliko kasoro zinavyoweza kuzipokea, hukusanyika na kuwa vitundu halisi, vinavyoonekana kwa hadubini upande wa metali inayokimbia, hatua chache kutoka mpakani. Vitundu huanzia kwa urahisi zaidi penye uchafu, chembe za oksidi au gesi iliyonaswa, ndiyo maana vipande viwili vya aina ileile, kimoja kikiwa kimeandaliwa vizuri na kingine ovyo, vinaweza kutoka tanurini vikiwa na idadi tofauti kabisa ya vitundu. Ukikibana kipande kwa shinikizo kubwa wakati wa joto, vitundu hupungua au hukosekana kabisa, lakini waya huendelea kusogea. Kutoona vitundu, basi, si ushahidi kwamba kasi mbili ni sawa.

Mahali ambapo jambo hili limesumbua watengenezaji kwa miongo mingi ni ndani ya chipu za umeme. Waya ya dhahabu, ambayo mara nyingi ina unene wa maikromita 25 tu, hushikizwa kwenye kibao chembamba cha alumini. Kwenye joto la juu, hasa likipita nyuzi 150 kwa muda mrefu, dhahabu na alumini huingiliana na kujenga misombo kadhaa. Mmoja wao, AuAl₂, una rangi ya zambarau, na kwa miaka mingi ndio uliobebeshwa lawama. Lakini msombo huo hupitisha umeme vizuri. Kinachokata mawasiliano mara nyingi ni mstari wa vitundu unaokua kandokando ya misombo, hadi waya inabaki imeshikwa na vijinyuzi vya metali.

Dalili ya kwanza ni ukinzani wa umeme kupanda polepole kwenye sehemu zilizokaa kwenye joto. Ya pili huonekana kwenye jaribio la kuvuta: waya iliyoshikamana vizuri hukatika katikati, lakini yenye vitundu hung'oka kwenye kibao. Kisha unakata na kung'arisha. Hapo ni kuwa mwangalifu, maana msasa mkali hung'oa chembe na kuacha mashimo ya bandia, au hupakaza metali laini juu ya vitundu na kuvificha. Vitundu vya kweli vya aina hii hupangika sambamba na mpaka, upande mmoja wake tu, na kipande kingine cha aina hiyohiyo kilichokaa muda mrefu zaidi kwenye joto lilelile kitakuwa na vitundu vikubwa zaidi. Mashimo yaliyotawanyika pande zote mbili bila mpangilio yametokana na kitu kingine, kama gesi au usafi mbaya wa uso.

Njia za kuzuia zinatoka moja kwa moja kwenye sababu. Ukitumia alumini juu ya alumini, hakuna kasi mbili za kushindana. Ukilazimika kutumia metali mbili, weka kati yake tabaka la metali linalopitisha atomi polepole, kama nikeli, au punguza joto na muda. Kati ya hivyo viwili, joto ndilo la kuliangalia kwanza. Muda ukiongezwa mara nne, mwendo huongezeka mara mbili tu, lakini kasi za kusambaa zenyewe hupanda kwa mruko kila joto linapopanda.