Hapana, Nietzsche hakusema "yalianza vibaya, kwa hiyo ni mabaya"

Kila muhula ni yale yale. Namaliza mhadhara wa pili juu ya kitabu cha mwanafalsafa Nietzsche cha mwaka 1887, kile cha nasaba ya maadili, yaani masimulizi ya yalikotoka: wanyonge wenye kinyongo waliasi, wakayaita maovu yale bwana aliyoyasifu, na unyonge wao wakauita wema. Hapo mkono unanyooka nyuma ya darasa. "Mwalimu, si hili ni kosa la chanzo tu?" Anayeuliza hukaa chini kwa furaha kana kwamba amemwangusha Mjerumani kwa pigo moja. Kisha zinakuja insha, na humo nakutana na ndugu yake pacha, shabiki anayeandika kwamba Nietzsche "amethibitisha" kuwa huruma na unyenyekevu ni uongo kwa sababu vilizaliwa na kinyongo cha watumwa. Wawili hawa wanadhani wanapingana. Wamesoma hoja moja ileile, na hoja hiyo haimo kitabuni.

Dhana: maadili yametoka kwenye kinyongo, kwa hiyo hayana thamani

Kosa la chanzo ni kulihukumu wazo kwa mahali lilikotoka badala ya kulipima lenyewe. Ni kosa kweli. Jirani yako mlevi akikuambia nyumba inaungua, ulevi wake hauzimi moto. Ila Nietzsche alilijua hilo kabla yetu. Katika sehemu ya tano ya kitabu chake cha sayansi ya furaha, aliyoiongeza mwaka uleule wa 1887, anasema katika fungu la 345 kwamba hata kama maadili fulani yaliota kutokana na kosa, kuligundua kosa hilo hakujagusa bado swali la thamani yake. Na kwenye dibaji ya kitabu cha nasaba, fungu la 6, anaeleza anachotaka: thamani ya maadili yenyewe ihojiwe, na kwa kazi hiyo tunahitaji kujua yalikulia katika hali gani. Chanzo ni maandalizi ya hukumu. Hukumu yenyewe bado.

Kuna zaidi. Katika insha ya pili, fungu la 12, anasema sababu ya kitu kutokea na matumizi yake ya baadaye ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, na mfano wake ni adhabu. Kitendo cha kumwadhibu mtu kimebaki, lakini kusudi lake limebadilishwa mara nyingi: kulipa deni, kutisha wengine, sherehe ya mshindi, kumfanya mkosaji ajute. Mtu anayeandika hivyo hawezi kuwa anadhani kwamba ukishajua mwanzo umejua kila kitu. Ushauri wangu, na wanafunzi wamechoka kuusikia: soma dibaji, kisha fungu la 12 la insha ya pili, ndipo urudi kwenye insha ya kwanza yenye mabwana na watumwa. Ukianza na insha ya kwanza utalewa kelele zake.

Sasa nasaba inafanya kazi gani? Wachambuzi wamependekeza majibu kadhaa, nami naona mawili yana uzito.

La kwanza nalieleza kwa mizani ya sokoni. Umegundua mizani ya muuza sukari imechezewa. Je, ulichonunua si kilo moja? Huenda ni kilo kamili, kwa bahati. Kilichokufa ni sababu yako ya kuamini. Hiyo kilo ilikuwa na uzito machoni pako kwa sababu mizani ilisema, na sasa mizani haisemi kitu. Brian Leiter anaisoma nasaba kwa namna iliyo karibu na hii: ikiwa tungeuamini unyenyekevu kuwa mwema hata kama usingekuwa mwema, kwa sababu kilichotusukuma ni haja ya mnyonge kujifariji, basi imani yetu imekosa mdhamini na inabidi tupime upya. Kupima upya si kutupa sukari. Hapo ndipo shabiki anapokwenda mbio kupita kiasi.

La pili ni kali zaidi, na halitegemei chanzo hata kidogo. Chukua kisa. Mtu amedhulumiwa na mkubwa wake, hana pa kushtaki wala nguvu ya kujibu. Anasema, "Nimesamehe, mimi si mtu wa visasi." Katika fungu la 14 la insha ya kwanza Nietzsche anatupeleka kwenye karakana chafu ambamo maneno yanabadilishwa: kushindwa kulipa kisasi kunaitwa kutotaka kulipa kisasi, hata kunaitwa msamaha, kunyenyekea kwa unayemchukia kunaitwa utii. Swali analolileta ni hili: je, ile hamu ya kisasi imekwisha, au imebadili nguo tu? Ushahidi anaoutoa katika fungu la 15 ni maneno ya Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, aliyewaambia waumini wasiende kwenye michezo ya Warumi kwa sababu siku ya hukumu wataona tamasha kubwa zaidi, watawala waliowatesa wakiteketea motoni. Nietzsche ananukuu kipande kirefu katika Kilatini chake. Hoja yake si kwamba msamaha ulizaliwa na chuki karne nyingi zilizopita. Anadai kwamba chuki bado imo ndani, inafanya kazi sasa hivi, na aliye nayo hawezi kuikiri bila msamaha wake kuporomoka machoni pake mwenyewe. Maadili yanayolaani kisasi yanaishi kwa kisasi. Hilo ni shitaka juu ya hali ya sasa, na kumwambia "kosa la chanzo" ni kumjibu mtu mwingine.

Je, shitaka linasimama? Hapa ndipo natamani insha zingeanzia. Udhaifu wake wa kwanza anautoa mwenyewe: ikiwa makusudi hubadilika, kama alivyosema juu ya adhabu, basi ni lazima aonyeshe kwamba kinyongo hakijatoka katika huruma ya leo. Tertullian ni shahidi wa Tertullian. Hathibitishi chochote juu ya muuguzi wa zamu ya usiku. Max Scheler, mwanafalsafa Mjerumani aliyeandika juu ya kinyongo mwanzoni mwa karne ya 20, aliukubali uchambuzi wa hisia hiyo kuwa ugunduzi mkubwa, kisha akakataa kwamba upendo wa Kikristo umetoka humo. Kwake, upendo huo unashuka kwa mnyonge kutokana na wingi wa nguvu, na kinyongo kitafutwe kwenye maadili ya tabaka la kibepari la kisasa. Angalia alivyofanya: hakupinga zana, alipinga mahali ilipoelekezwa.

Udhaifu wa pili ni wa kisaikolojia. Kama wanyonge walibuni maadili mapya ili kulipa kisasi, walijua wanachofanya au hawakujua? Wakijua, hawawezi kuyaamini kweli. Wasipojua, ni vigumu kueleza ilikuwaje mkakati. Bernard Reginster amejibu kwa kuweka kujidanganya katikati ya habari yote, na R. Jay Wallace anaona hapakuwa na mkakati, bali chuki ilitafuta lugha ya kujieleza na kujihalalisha. Mimi naegemea kwa Wallace, ingawa naona karakana ya fungu la 14 inamsaidia Reginster.

Na historia yenyewe je? Hakuna tarehe wala kumbukumbu za maasi hayo ya wanyonge. Bernard Williams aliona kwamba nasaba inaweza kuwa na nguvu hata ikichanganya historia na masimulizi ya kubuni, na Christopher Janaway anasema mtindo ule wa kelele una kazi: unamchokoza msomaji ahisi ndani yake hisia anazosimuliwa. Sawa. Lakini hoja ya mizani inahitaji mizani iliyochezewa kweli. Mizani ya kufikirika haimpunji mtu.

Dhana: maadili ya kitumwa yaliundwa na watumwa, na ni ya maskini

Soma mafungu ya 6 na 7 ya insha ya kwanza. Wanaoanzisha ni makuhani, watu wa tabaka la juu walioshindwa na wapiganaji wa tabaka hilohilo. Na kinyongo hakipimwi kwa mfuko. Fungu la 10 linasema hata bwana hupatwa nacho, ila humtoka papo hapo kwa kutenda, hakikai kikawa sumu. Fungu la 16 linaongeza kwamba leo vita vya maadili hayo mawili vinapiganwa ndani ya nafsi moja. Ukimwita mwenzako "mtumwa" kwa jina la Nietzsche, hujasoma fungu la 16.

Dhana: alikuwa mpiga debe wa chuki dhidi ya Wayahudi

Ni kweli anasema maasi ya kitumwa yalianza na Wayahudi, na aya hizo zinasomeka vibaya. Lakini akitafuta mfano hai wa kinyongo katika Ujerumani yake, insha ya pili, fungu la 11, anawataja wapinga-Wayahudi, na anayemsuta kwa jina ni Eugen Dühring, mmoja wao. Basi.

Dhana: maana ya maneno ya kale inathibitisha nasaba

Hii ni dhana ya wanafunzi wazuri, kwa hiyo naisahihisha kwa upole. Nietzsche anasema neno la Kijerumani la "baya" awali lilimaanisha mtu wa kawaida, na "jema" la mabwana lilikuwa jina la tabaka. Mwishoni mwa insha ya kwanza anawaomba wanaisimu wachunguze jambo hilo katika lugha nyingine. Sisi hatuhitaji kwenda mbali. *Muungwana* wa pwani alikuwa mtu asiye mtumwa, aliyezaliwa huru. Leo ni mtu wa adabu, na "fanya uungwana" huambiwa mtu yeyote. Neno la hadhi limekuwa neno la tabia, kama alivyotabiri.

Ila angalia kilichofuata. Katika karne ya 19, wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara walijiita waungwana, wakiwemo waliokuwa bado watumwa wa mtu. Hawakuligeuza neno la bwana kuwa tusi, wala hawakuutangaza utumwa kuwa wema. Walilichukua lenyewe, wakalivaa. Nadharia ya kinyongo ilitarajia mnyonge aseme "bwana ni mwovu, kwa hiyo mimi ni mwema," na hapa mnyonge anasema "nami ni muungwana." Neno limepanuka bila maasi yoyote, na Kiswahili walichokipeleka hadi mashariki ya Kongo bado kinaitwa Kingwana.