Mistari ya Kijivu Kwenye Sinki la Kauri Si Mikwaruzo

Nimeitwa tena kung'oa sinki la kunawia la kauri ambalo, kwa maneno ya mwenye nyumba, "limekwisha kwa mikwaruzo". Nililikuta na mistari ya kijivu kuzunguka tundu la kutolea maji, mahali anapoweka kikombe chake cha chuma kila asubuhi. Nilipitisha ukucha juu ya mistari ile na haukukwama popote. Nilivaa glavu, nikakoroga unga wa kusafishia wenye asidi ya oksaliki kwa maji kidogo, nikasugua taratibu kwa kitambaa laini na kusuuza, mistari ikatoka.

Glezi ni kioo kilichoyeyushwa juu ya udongo katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,200, na kwa kawaida ni ngumu kuliko vyombo vya chuma vya nyumbani. Vikisuguana, kinacholika ni chuma, na chembe zake hubaki juu ya glezi kama alama ya penseli kwenye karatasi. Sijakutana na mtu anayelalamika kuwa penseli imekwaruza karatasi, ila wa masinki hawaishi.

Nakiri kwamba mambo hayako wazi hivyo kwa sinki lililosuguliwa miaka mingi kwa unga wenye mchanga. Glezi yake hupauka na kuwa kama tupa, hivyo hukamata chuma upesi, na mistari hurudi baada ya siku chache. Hapo hata mimi husita, maana kila usafi huenda unazidi kuila.

Kinachonikera zaidi ni kulitupa la kauri ili kununua la resini "kwa sababu ni jiwe". Ni unga wa jiwe ulioshikanishwa kwa plastiki, na plastiki hiyo ndiyo inayopokea mikwaruzo ya kweli na madoa ya rangi ya nywele. Kama rangi ni moja hadi ndani, mkwaruzo huondolewa kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1,000. Tazama ukingo wa tundu kwa chini: ukiona rangi mbili, ile ya juu ni ngozi nyembamba, na msasa utaitoboa.

Kauri hushindwa kwa pigo. Chupa nzito ikiangukia ukingo humegua kipande, na kiraka kitaficha kidonda bila kurudisha glezi. Kioo kilichoimarishwa hakishiki madoa kirahisi, lakini ukingo wake ukimeguka kidogo, sinki zima linaweza kupasuka vipandevipande baadaye. Stenlesi haimeguki, hubonyea na kukwaruzika, na madoa yake ya kutu mara nyingi ni mabaki ya waya wa kusugulia.

Kabla ya kuondoka nilikigeuza kikombe cha yule bwana. Kitako kilikuwa kimelika upande mmoja hadi kung'aa.