Siku 3 za nini? Namna ya kusoma sivii ya ofisa madai ya bima

Tangu matangazo ya kazi za bima yaanze kuja kwa wingi kwa matawi ya huku Dodoma na Singida, dawati letu la ajira linapokea lawama zile zile. Waombaji wanasema nafasi zina wenyewe, na mameneja wa matawi wanasema tuliowapelekea hawajui kazi. Nitaongelea ofisa madai wa magari tu, maana huko ndiko kuna kelele nyingi.

Chukua tangazo la kawaida: ofisa madai, bima za magari pamoja na moto, awe anajua sheria na ameshafanya kazi kwa muda uliopangwa. Sivii ya kwanza inasema "miaka minne kwenye madai, naprosesi mamia ya madai kwa mwezi". Ukiangalia vizuri yote ni bima ya afya. Huyu alikuwa anapokea fomu kutoka hospitali, anazilinganisha na bei zilizokubaliwa, anakata kilichozidi, anapitisha. Ni kazi halali na ngumu, ila hajawahi kumtuma mkadiria hasara gereji, hajabishana na fundi kama bampa inyooshwe au inunuliwe mpya, hajasoma ramani ya ajali ya trafiki akajua nani alihama upande wake. Kwa hiyo neno "madai" kufanana kwenye sivii na kwenye tangazo bado halijakwambia kitu, tafuta aina ya bima kwanza, halafu ndani ya magari tafuta kama ni gari la mteja mwenyewe au ni madai ya mtu wa tatu.

Sivii ya pili iko kwenye magari kabisa na imeandika "wastani wa kumaliza dai ni siku 20". Inapendeza, sivyo? Sasa muulize mafaili yalikuwa ya nini. Tuseme mafaili 40: 34 ni vioo vya mbele vilivyopasuka, kila kimoja siku 2, na 6 ni ya mtu wa tatu, yaani bodaboda kagongwa na lori pale Kibaigwa, kuna PF3, kuna kesi ya trafiki mahakamani, kila moja siku 120. Piga hesabu: 68 jumlisha 720 ni 788, gawa kwa 40 unapata karibu siku 20, na hakuna hata faili moja lililochukua siku 20! Kama tawi lako lina malori mengi ya barabara ya Morogoro unachotaka kujua ni zile 120, alizisukumaje na zilikwama wapi.

Halafu kuna wale wa "siku 3". Siku 3 kuanzia wapi mpaka wapi? Kutoka taarifa ya ajali mpaka kumjibu mteja kwamba tumepokea? Kutoka nyaraka kukamilika mpaka ofa? Au kutoka mteja kusaini hati ya kukubali malipo mpaka hela kuingia benki, ambayo hiyo ni kazi ya wahasibu wala sio yako? Waombaji, andikeni mwanzo na mwisho wa hiyo saa, pamoja na kiwango cha pesa ulichoruhusiwa kupitisha mwenyewe bila kupeleka makao makuu, maana anayepitisha madogo tu lazima awe na spidi.

Kwenye sheria ndio nachoka kabisa. "Nina uelewa wa TIRA" si ujuzi, hata mwenye bajaji anaijua TIRA kwa sababu ya stika. Ofisa madai anayeijua Sheria ya Bima ya 2009 na kanuni zake anajua zile siku 45 za kulipa zinaanza kuhesabiwa nyaraka zikishakamilika, na hapo ndipo mchezo ulipo: ofisa akiomba leseni leo, wiki ijayo ripoti ya ukaguzi wa gari, wiki nyingine kadi ya gari, saa haianzi na kwenye ripoti anaonekana hajachelewa huku mteja anahangaika. Kwa hiyo nikiona sivii imeandika "naomba nyaraka zote kwa barua moja siku ya taarifa" naiweka juu hata kama siku zake ni nyingi.

Kwa andaraita, yaani yule anayeamua nani akubaliwe bima, mantiki ni hiyo hiyo, ila muulize aliwahi kumkatalia nani bima na kwa nini, na kama anajua bima haianzi kabla hela haijaingia.

Mwisho ni viambatisho, na tafadhali msitulazimishe kufika mbali. Barua ya uzoefu tunailinganisha na taarifa ya michango ya NSSF, miezi isipolingana tunakuita ujieleze, na ikionekana barua imeghushiwa jalada linakwenda polisi, kosa hilo liko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura 16, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Kuna wengine wanaambatisha hati za malipo za wateja, jina na namba ya gari na majeraha yote yanasomeka, eti ni ushahidi wa kazi. Hizo ni taarifa binafsi za watu na zina sheria yake ya mwaka 2022. Sivii ya namna hiyo hatuipeleki kwa mwajiri, tunamwita mwenyewe aje aichukue na karatasi zake.