Nenosiri halimjui mnunuzi: dhana potofu kuhusu kulinda kitabu pepe

Mwandishi mmoja wa Tanga aliniletea kitabu chake cha mapishi, kurasa 96, nimtengenezee faili la kuuza kwa simu. Alikuwa na sharti moja tu: "Kifunge, mtu asiweze kumrushia mwenzake." Kabla sijamjibu nilimwonyesha nilichokuwa nimepokea asubuhi ile kwenye kundi la familia kutoka kwa mama yangu mdogo. Kilikuwa kitabu cha mtu mwingine, PDF iliyofungwa kwa nenosiri, na chini yake, kwenye ujumbe uleule, nenosiri lenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa ili asikosee mtu.

"Nikiweka nenosiri, asiyelipa hatafungua"

Nenosiri la PDF halimjui aliyelipa. Humfungulia yeyote anayeliandika, na hakuna kinachomzuia mnunuzi kulituma pamoja na faili. Ukimpa kila mnunuzi nenosiri lake, bado mmoja tu akilitoa, nakala yake inafunguka kwa kila mtu.

Anayebanwa ni yule aliyelipa. Mwandishi huyu alikuwa ameuza kitabu chake cha kwanza kwa njia hiyo, na waliompigia simu usiku hawakuwa wezi. Walikuwa wanunuzi waliobadilisha simu, wakalirudisha faili kutoka kwenye hifadhi, nenosiri likawa limepotea na ujumbe wa zamani. Mmoja alikuwa jikoni, nazi imeshakunwa, anaomba afunguliwe ukurasa wa pilau.

"Basi nitaacha lifunguke, ila nizuie kuchapa na kunakili"

Dhana hii hunisumbua zaidi kwa sababu skrini yenyewe huithibitisha. PDF ina manenosiri mawili. La kwanza ni la kufungulia, la pili ni la mwenye faili, linaloamua kama msomaji ataruhusiwa kuchapa au kunakili maandishi. Amri hii ya programu ya qpdf huacha la kwanza wazi na kuweka la pili:

```
qpdf --encrypt "" siri-yangu 256 --print=none --extract=n -- mapishi.pdf mapishi-2.pdf
```

Fungua `mapishi-2.pdf` kwa programu inayofuata masharti na utaona kitufe cha kuchapa kimefifia. Mwandishi huona hivyo akalala usingizi. Lakini fikiria: faili linafunguka bila nenosiri, kwa hiyo kila kinachohitajika kuyasoma maandishi kimo ndani ya faili lenyewe. Katazo la kuchapa ni kama kibao cha "usipite" mlangoni pasipo na mlango. Programu ya heshima hukisoma na kugeuka, nyingine hupita. Njia ya kujipima ni rahisi: lifungue faili lako kwa programu tatu nne tofauti, kwenye simu na kwenye kompyuta, ujaribu kunakili aya moja. Ikikubali hata moja, huna ulinzi. Na hata zote zikikataa, kuwatumia wenzake faili zima hakujazuiwa popote.

"Maduka makubwa yana kufuli lisilovunjika"

Kufuli la maduka, linaloitwa DRM, ni kufuli kweli. Maandishi husimbwa kwa ufunguo, na ufunguo huo hupewa akaunti au kifaa cha aliyenunua tu. Mama mdogo hawezi kulirusha faili kundini likafunguka, na hilo si jambo dogo: huzuia ule ugawaji wa kirafiki usio na nia mbaya.

Udhaifu wake uko kwenye maumbile ya kazi yenyewe. Ili msomaji asome, ufunguo lazima ufike kwenye simu yake, na maandishi lazima yatokee kwenye kioo. Mjuzi anaweza kuutafuta ufunguo huo, na asiye mjuzi anaweza kuupiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu ya pili. Hawahitajiki wengi. Akipatikana mmoja, nakala isiyo na kufuli inazunguka, na anayeipokea haoni kufuli wala hajui kwamba liliwahi kuwapo.

Aliyenunua kihalali hubaki nalo siku zote. Mwezi Aprili 2019 Microsoft ilitangaza kufunga duka lake la vitabu, na kufikia Julai mwaka huohuo vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa pesa, na waliokuwa wameandika maelezo yao pembeni mwa kurasa wakaongezewa dola 25. Hawakuwa wamekosea chochote. Jambo jingine linalosahaulika ni msomaji asiyeona, anayesomewa na simu kwa sauti: kufuli likiizuia programu yake isiyafikie maandishi, amenunua kitabu asichoweza kukisoma.

"Bila kufuli nitaporwa siku ya kwanza"

Mfano wenye ushahidi hapa ni wa wachapishaji wa Tor, wa riwaya za sayansi na njozi, walioondoa DRM kwenye vitabu pepe vyao mwaka 2012. Mwaka mmoja baadaye tawi lao la Uingereza lilieleza kwamba halikuona ongezeko la wizi linaloonekana. Naamini walichosema, lakini sikiri kwamba kinathibitisha kila kitu. Wasomaji wao wamezoea kununua kwa kadi na wanawapenda waandishi wao. Kwetu, mtu anaweza kuwa na nia ya kulipa kabisa na asijue alipe wapi, wakati nakala ya bure imeshamfikia kundini. Kwa hiyo nilimwambia mwandishi wangu kwamba nakala zitavuja, na kwamba swali la kujiuliza ni kufuli litawazuia wangapi kati ya hao, na litawatesa wangapi kati ya waliolipa.

Tulichochagua ni alama ya mnunuzi. Kitabu kiko wazi, hakina nenosiri, lakini kila nakala imeandikwa jina la aliyeinunua na namba ya oda: mara moja kwenye ukurasa wa hakimiliki, na tena kwa herufi ndogo mwishoni mwa kila sura. Nambari ya simu hatukuiweka, maana kitabu kikivuja, simu ya mteja ingevuja nacho. Tulitoa EPUB, muundo wa faili la kitabu pepe, ili maandishi yajipange kulingana na upana wa kioo, asiwe mtu anavuta ukurasa huku na huku kwa kidole chenye unga. EPUB ni kifurushi cha zip, kwa hiyo kuongeza mstari wa jina ni kazi ndogo. Ila ukikifunga upya, faili la `mimetype` liwe la kwanza na lisibanwe, la sivyo baadhi ya programu zitakikataa kitabu. Aliyepoteza nakala hutuma namba ya muamala wa malipo akatumiwa tena, bila maswali.

Alama hii haimzuii mwizi. Anayejua kufungua zip ataufuta mstari kwa dakika chache. Inachofanya ni kumfanya mtu wa kawaida aone jina lake kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Siku moja nakala ilionekana Telegramu ikiwa na namba ya oda 0087. Mwandishi alimwandikia mnunuzi kwa upole. Akajibu kwamba alimtumia dada yake, na dada ndiye aliyeipeleka kule. Nakala iliondolewa jioni ileile, na dada akanunua yake, oda 0112.