Ladha ya kopo kwenye nyanya mara nyingi haitoki kwenye kopo

Kabla ya kuwa mpishi nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye chumba cha kuonja cha kiwanda cha kusindika nyanya. Siku nzima ni kufungua makopo, kuonja kijiko kimoja kimoja, kutema na kuandika. Huko ndiko nilikojua kwamba mtu akilalamika "hizi nyanya zina ladha ya chuma", mara nyingi hamna chuma chochote mle. Kuna mambo matatu ambayo ulimi huyachanganya na kuyaita jina moja: uchachu uliozidi, harufu ya kuchemshwa, na madini yenyewe. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya hili haifai kwa lile.

Tuanze na uchachu, maana ndio unaosumbua zaidi. Nyanya yenyewe ina asidi, na viwandani huongezwa asidi ya sitriki kidogo ili vijidudu hatari visipate pa kukulia. Tazama kibandiko, utaikuta imeandikwa kwa jina lake au kwa namba E330. Nyanya mbichi iliyoiva vizuri ina sukari ya kutosha kuuficha ukali huo. Ya kopo, hasa iliyovunwa kabla ya kuiva sawasawa, haina. Uchachu usio na utamu wa kuupoza hukwaruza pembeni mwa ulimi, na wengi hapo ndipo wanaposema "chuma".

La pili ni harufu. Nyanya mbichi ukiikata hutoa harufu ya majani mabichi. Harufu hiyo haikuwemo tayari ndani ya tunda. Inatengenezwa palepale, nyama inapopasuka na vimeng'enya vyake kukutana na mafuta yaliyomo kwenye chembe zake. Joto la kiwandani huviua vimeng'enya hivyo na kuifukuza harufu yenyewe. Inabaki harufu nzito ya salfa, ya jamaa moja na ile inayopanda ukichemsha mahindi. Si mbaya, lakini ikizidi, rojo lote linanuka "kopo".

La tatu ndilo madini halisi, nalo nitalirudia baadaye kwa sababu mhalifu wake kwa kawaida ni sufuria.

Unajuaje unapambana na lipi? Mimina nyanya kwenye bakuli la kioo, onja maji yake kwa kijiko cha mbao, kisha weka vijiko viwili vya maji hayo kwenye kikombe na utie punje chache za soda ya kupikia, kiasi cha kushikwa na ncha ya kisu. Nasema soda ya kupikia, yaani bikaboneti ya sodiamu. Si hamira wala bekin pauda. Itatoa povu. Povu likitulia, onja tena. Kama "chuma" kimeondoka, basi kilikuwa uchachu. Kama uchachu umepungua lakini kuna kitu bado kimeganda kinywani hata baada ya kumeza, hayo ni madini. Kama kinachokukera ni kile kinachopanda puani kabla hujaonja, hiyo ni harufu ya kuchemshwa, na itaondoka jikoni bila soda.

Sasa tupike kopo moja la gramu 400. Nunua nyanya nzima zilizomenywa, si zilizokatwa vipande. Vipande mara nyingi hutiwa kloridi ya kalisi, E509 kwenye kibandiko, ili visibondeke njiani. Ndiyo maana unavipika saa nzima na bado vinabaki vijiwe vidogo vinavyoogelea kwenye maji machachu. Nyanya nzima nazo wakati mwingine hutiwa, kwa hiyo soma. Lakini kwa kawaida hulainika upesi.

Tenga nyama na maji. Hatua hii watu huiruka, wakati ndiyo inayobadilisha kila kitu. Weka chujio juu ya bakuli, mimina, kisha zivunje nyanya kwa mkono moja moja, maji yaliyomo tumboni yadondoke. Ukimwaga kopo zima sufuriani kwa mpigo, unachofanya ni kuchemsha nyanya zilizokwisha kuchemshwa. Zimepikwa kwa maji mara moja tayari. Sasa zinahitaji mafuta.

Chukua kikaango kipana. Tia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta na kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo, na chumvi kidogo, kwenye moto wa wastani. Usiwe na haraka hapa. Dakika nane hadi kumi, mpaka kitunguu kilainike na kuanza kuwa cha dhahabu, maana huo ndio utamu utakaokuja kuupoza uchachu. Wengine hutia kijiko cha sukari na kuona wamemaliza. Sukari haipunguzi asidi; inaifunika tu, na rojo huishia kuwa tamu na chachu kwa pamoja, kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Kitunguu kikiwa tayari, tia nyama ya nyanya peke yake na uongeze moto. Utasikia sauti ikibadilika. Mwanzoni ni mchemko wa maji, blubu blubu. Baada ya dakika tano au sita inakuwa ya kukaanga, kavu na kali zaidi. Isikilize hiyo sauti kuliko saa. Kandokando ya kikaango nyanya zitaanza kushika na kugeuka rangi ya matofali. Zikwangue kwa mwiko, ziache zishike tena, kwangua tena. Mafuta yatageuka rangi ya chungwa, kwa sababu kinachoipa nyanya wekundu wake, laikopini, huyeyuka kwenye mafuta wala si kwenye maji. Mafuta yakijitenga na kung'aa pembeni, maji yameisha na harufu ya kopo imekwenda na mvuke.

Hapo ndipo maji uliyotenga yanarudi. Tia nusu kwanza, koroga ukikwangua chini, yakauke, kisha tia yaliyobaki. Usifunike. Mfuniko huirudisha harufu ya salfa sufuriani pamoja na matone ya mvuke. Nimewahi kuonja marojo mawili ya kopo moja, moto uleule na dakika zilezile, moja limefunikwa na jingine wazi. Lile lililofunikwa ungeapa limetoka kwenye kopo jingine kabisa.

Onja sasa, kabla ya kuigusa soda. Mara nyingi hutaihitaji. Kama ukali bado upo, koroga robo ya nusu ya kijiko cha chai cha soda, yaani moja ya nane, kwenye kijiko cha maji, umimine na kukoroga. Rojo litafura povu la waridi kwa sekunde chache. Subiri litulie ndipo uonje. Mwisho wangu kwa gramu 400 ni robo kijiko cha chai, na huko nafika kwa nadra. Nikiwa bado mgeni jikoni nilitia kijiko kizima, nikidhani dawa ikiongezwa inafanya kazi zaidi. Wekundu ulizima mbele ya macho yangu ukawa kahawia ya udongo, na ladha ikawa ya sabuni. Hapo hakuna kurudi nyuma; nilijaribu ndimu, nikapata sabuni yenye ndimu. Kumbuka pia kwamba uchachu kidogo lazima ubaki. Nyanya isiyo na uchachu ni uji mwekundu.

Kilichobaki ni ile harufu ya majani mabichi, na hiyo hakuna upishi unaoweza kuirudisha, kwa kuwa vimeng'enya vyake vilishakufa. Lazima uilete kutoka nje. Nyanya mbichi moja inatosha: ikate nusu, ikwaruze kwenye kikwaruzio cha matundu makubwa mpaka ganda libaki mkononi, na uutie uji wake baada ya kuzima moto. Usiuchemshe. Ni nyanya moja tu, lakini pua ndiyo inayoamua kama chakula ni kibichi au cha stoo, na pua imepata ilichokitaka.

Turudi kwenye madini. Kopo kwa ndani huwa na sura mbili. Mengi yamepakwa utando mweupe au wa dhahabu, na huo huzuia asidi isifike kwenye bati. Mengine ni bati tupu, la kijivu, na ukimwaga nyanya utaona limechorwa maua kama ya barafu; ni asidi iliyolila taratibu. Kopo likiwa limefungwa, bati huyeyuka polepole sana, na viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu hadi miligramu 250 za bati kwa kilo ya chakula cha kopo. Ukishalifungua, hewa inaingia na bati linayeyuka kwa kasi. Kwa hiyo nusu kopo la nyanya lililolala kwenye friji likiwa na mfuniko wake wa kukunja ndilo hasa lenye ladha ya bati kweli. Zihamishie kwenye kioo siku hiyohiyo. Na kopo lililovimba, linalovuja, au linalorusha maji ukilifungua halionjwi hata kidogo, linatupwa.

Lakini nimesema mhalifu wa kawaida ni sufuria. Mwanafunzi wangu mmoja alibadilisha chapa tatu za nyanya akilalamika kwamba zote zina chuma. Nilimwomba anioneshe anapikia nini. Ilikuwa sufuria ya alumini, imefubaa nje kote, ila ndani inameremeta kama mpya mpaka pale rojo linapofika, na mstari safi kabisa ukizunguka. Asidi ilikuwa inaisugua kila siku, na kilichosuguliwa kilikuwa kinaliwa. Kikaango cha chuma kisichokolea mafuta vizuri hufanya vivyo hivyo, na rojo lake hugeuka jeusi kidogo. Tumia chuma cha pua, enameli au chungu. Soda haitakusaidia hapa, kwa kuwa madini yakishaingia kwenye rojo hayatoki.

Wanaouliza kuhusu maharage na sadini za kopo: msizitie soda. Kwa maharage shida iko kwenye ule ute. Yamwage, yasuuze, uyachemshe dakika kumi kwenye maji mapya yenye chumvi na kitunguu. Sadini ni habari nyingine kabisa, kwa sababu samaki ana madini ya chuma kwenye damu yake na mafuta yanayochacha upesi. Mwaga mafuta ya kopo, ondoa ile nyama nyeusi iliyo ubavuni, uipashe kwa dakika moja au mbili tu kwenye mafuta mapya, na ndimu iingie ukishaipua.