Shangazi akiuliza "Bado tu?"

Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha kuhusu ndoa hawaanzi kumtaja mume. Wanaanza na shangazi. Sishangai, maana kwetu pwani shangazi ana mkono wake katika ndoa ya mtoto wa kaka yake, tangu posa hadi bibi harusi kufundwa. Anapouliza lini utapata mtoto, haoni kama anajiingiza yasiyomhusu; anaona anatimiza wajibu wake. Ukimwekea mpaka bila kulitambua hilo, atasikia kwamba umemvua cheo.

Nichukue mfano mmoja, nikibadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike. Ni binti wa miaka 32, kwao Tanga, kazi Dar es Salaam, ndoa ina miaka mitatu. Shangazi yake alikuwa akipiga simu karibu kila wiki, na baada ya salamu swali lilikuwa moja: "Bado tu?" Siku moja akatuma kwa basi chupa ya dawa ya mizizi. Asichokijua ni kwamba mimba moja ilikuwa imeshaharibika, na kila "bado tu" ilitonesha kidonda.

Alipofika kwangu alikuwa ameshajaribu njia mbili. Kwanza alitoa sababu: tunamalizia kiwanja. Akajibiwa kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Akasema kazi inambana. Akaambiwa shangazi yupo, atakuja kulea. Ukimpa mtu sababu, umemkaribisha ajadiliane nawe, na mtu mzima mwenye uzoefu hakosi jibu. Pili, siku uvumilivu ulipomwisha, aliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la Wasapu la ukoo. Shangazi akajitoa kundini, baba akapiga simu usiku kwa hasira, na mjadala ukahama: ikawa ni adabu ya binti, habari ya swali la shangazi ikasahaulika.

Tulianza na baba. Binti alimweleza mapema, kwa kifupi, atakachokwenda kusema, ili asije akalisikia upande mmoja. Kisha akasafiri mwenyewe hadi Tanga, akabeba doti ya kanga na sukari, akasubiri wabaki wawili tu barazani. Maneno tulikuwa tumeyafanyia mazoezi hadi yakamtoka bila kutetemeka:

"Shangazi, najua unanitakia mema, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Habari za mtoto tumeamua zibaki kwangu mimi na mume wangu. Ukiniuliza sitajibu, na dawa sitapokea. Kwa mengine yote mimi ni mwanao yule yule."

Mwanzoni alitaka kusema "naomba usiniulize tena." Nilimzuia. Ukiomba, uamuzi unabaki mkononi mwa shangazi. "Sitajibu" ni jambo ambalo binti analiweza mwenyewe hata kama shangazi hatabadilika, na hapo ndipo mpaka unapopata nguvu. Habari ya mimba iliyoharibika hakuitaja. Kuisema au kutoisema ni haki yake, na siyo bei ya kulipa ili aheshimiwe.

Shangazi alinuna, chakula kikaliwa kimya kimya. Wiki mbili hakupiga simu. Kisha maswali yakarudi, tena mengi kuliko mwanzo, mengine yakipitia kwa binamu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani mpaka umeshindwa. Mtu aliyezoea kupata jibu, jibu likikatika, kwanza huongeza bidii. Ukijibu siku hiyo hata mara moja, umemfundisha kwamba akisukuma sana mlango hufunguka.

Binti alikuwa na jibu moja tu: "Shangazi, hilo tulishaongea. Miguu inaendeleaje?" Swali likirudi mara ya pili, aliaga: "Nitakupigia Jumapili, shangazi." Na Jumapili alipiga kweli, bila kukosa. Mimi simu ile ya Jumapili naipa uzito kuliko maneno ya barazani, kwa sababu ndiyo iliyomwonyesha shangazi kwamba kilichofungwa ni mazungumzo ya aina moja, yeye mwenyewe hakutupwa. Pia binti alianza kushauriana naye mambo ambayo kweli aliyataka kwake: nasaba ya upande wa bibi, na namna ya kuunga samaki wa nazi.

Njia hii ina mipaka yake. Kama anayeuliza ni mama mkwe, wa kusema ni mume, kwa mama yake mwenyewe; mke akisema peke yake huonekana anamtenga mtoto na mama. Kama unaishi kwa ndugu huyo au anakulipia ada, kwanza tafuta mzee mnayemheshimu nyote awe shahidi, maana akikasirika unaweza kupoteza makazi. Na akianza kumshawishi mumeo akuache, hapo suala limeshapita la ushauri usiotakiwa. Linahitaji kikao cha pande zote mbili.

Mwezi wa nne tangu safari ile ya Tanga, binti aliniambia, shangazi alianza: "Hivi mwanangu..." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza nazi siku hizi Dar zinauzwaje.