Ulizo la tofauti kwenye ritani: ni nini, na huandikwaje

Ulizo la tofauti ni ujumbe unaoiandikia ofisi ya kodi pale takwimu ulizo nazo mkononi hazilingani na zile zilizo kwenye mfumo wao. Si malalamiko, wala si pingamizi. Unaiomba ofisi ikuangalizie jambo moja kwenye kumbukumbu ambazo wewe huwezi kuzifungua.

Nchini Kenya linajitokeza sana kuelekea tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha ritani, yaani tamko la mapato na kodi, ya mwaka uliopita. Mfanyakazi anashika P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi aliyokatwa kila mwezi, anafungua iTax, mfumo wa ofisi ya kodi mtandaoni, na hesabu zinakataa.

Chukua mfano wa mfanyakazi aliyekatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya shilingi 7,200 kila mwezi mwaka mzima wa 2024. P9 yake inasema 86,400. Mfumo unaonyesha 79,200, na kwa kuwa ameandika mshahara wa miezi yote kumi na miwili, ritani inamwambia anadaiwa 7,200. Akiwa na hasira, anaandika hivi:

«Habari. Nimekatwa kodi mwaka mzima lakini mfumo wenu unasema nina deni. Mwajiri wangu alilipa. Hili limenisumbua sana, tafadhali nisaidieni haraka.»

Kila neno hapo ni kweli, lakini afisa anayeusoma hana pa kuanzia. Hajui ni PIN gani, yaani nambari gani ya mlipa kodi, mwaka gani, mwajiri gani, wala deni ni la kiasi gani. Atakachoweza kujibu ni kumwomba maelezo zaidi, na siku zinakwenda.

Kabla ya kuandika upya, tazama ile tofauti yenyewe: 86,400 ukitoa 79,200 inabaki 7,200, yaani mwezi mmoja kamili. Hiyo ni dalili nzuri. Makosa ya kukokotoa kodi kwa kawaida huacha kiasi cha ajabu ajabu. Kiasi cha mwezi mzima kinaelekeza kwenye mwezi uliokosekana. Mwajiri hupeleka orodha ya wafanyakazi na makato yao kila mwezi kwa ritani ya P10, kabla au ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi akilinganisha P9 na mfumo mwezi kwa mwezi, anaona Januari hadi Novemba zipo, Desemba haipo. Sasa ana swali la kuuliza:

«Kuh: Tofauti ya PAYE, Desemba 2024, PIN [yangu]

Ritani yangu ya mwaka 2024 inaonyesha PAYE ya shilingi 79,200. P9 niliyopewa na mwajiri, mwenye PIN [ya mwajiri], inaonyesha 86,400. Tofauti ni 7,200, ambayo ni makato ya Desemba 2024. Nimeambatisha P9, hati ya mshahara ya Desemba na picha ya ukurasa wa ritani.

Je, katika P10 ya Desemba 2024 ya mwajiri huyu kuna mstari wenye PIN yangu?»

Angalia swali lilivyobanwa. Halimwombi afisa arekebishe deni wala aamue nani mkosaji. Anafungua P10 moja, anatafuta PIN moja, anajibu ndiyo au hapana. Zile PIN mbili ziandike kwa uangalifu: PIN ina herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine, na ukikosea moja tu afisa atatafuta mtu asiyekuwepo.

Jibu likiwa hapana, safari inahamia kwa mwajiri: jina liliachwa Desemba, na yeye ndiye wa kurekebisha P10 hiyo. Mfanyakazi anampelekea mhasibu jibu la ofisi, na mazungumzo yao yanakuwa mafupi. Jibu likiwa ndiyo, basi tatizo liko kwenye usomaji wa mfumo, na sasa afisa mwenyewe ana la kufuatilia. Kwa njia zote mbili umejua mlango wa kugonga. Ungeuliza maswali matatu kwa pamoja, mara nyingi lingejibiwa lile rahisi na mengine yakaachwa.

Kuna jambo ambalo watu huumia nalo, nami naliona zito kuliko mengine yote hapa. Ulizo halisimamishi saa. Ukisubiri jibu hadi Julai bila kuwasilisha ritani, faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kile kilicho kikubwa. Na kama ofisi imekwisha kukutumia uamuzi rasmi wa kodi, kama vile makadirio, una siku 30 tangu ulipoarifiwa kuwasilisha pingamizi. Barua pepe ya kuuliza haihesabiki kuwa pingamizi hata ikiwa imeeleza kila kitu. Kwa hiyo andika ulizo mapema Juni, wasilisha ritani kwa wakati, na tunza nambari ya kupokelewa kwa ulizo lako. Ukifuatilia wiki mbili baadaye, anza na nambari hiyo kwenye mstari wa kwanza, ili afisa mpya asikuanzishe upya.